Taarifa ya athari mahakamani: maswali yenu kuhusu sheria ya Kenya

Ndugu yetu aliuawa na mshtakiwa ameshapatikana na hatia. Tumeambiwa tuandike taarifa ya athari. Jaji ataitumiaje?

Poleni sana kwa msiba. Taarifa hiyo, ambamo aliyeumizwa au familia yake hueleza jinsi kosa lilivyowaathiri, hupokelewa baada ya hatia kuthibitishwa na kabla ya adhabu kutangazwa. Zamani, katika kesi ya mauaji, isingebadilisha kitu, kwa sababu adhabu ilikuwa kifo tu. Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Muruatetu kwamba ulazima huo unakiuka Katiba, na tangu hapo jaji wa kesi ya mauaji ana nafasi ya kupima.

Lakini mjue hili mapema: Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inamtaka jaji aipokee taarifa ya familia ya marehemu, ila asiitumie kupanga adhabu isipokuwa akiona inafaa. Naiunga mkono tahadhari hiyo. Bila hiyo, aliyemuua mtu mwenye jamaa wengi angefungwa miaka mingi kuliko aliyemuua mpweke.

Nilikatwa panga mkononi, siwezi tena kuendesha boda boda. Niandike nini?

Andika kinachoweza kuthibitishwa: vidole visivyokunja breki, siku ulizolazwa, mkopo wa pikipiki uliokushinda. Ambatisha fomu ya P3 na risiti za hospitali. Usiku usiolala pia uandike, kwa maneno yako mwenyewe. Acha makosa ambayo mshtakiwa hakupatikana nayo, na usiseme afungwe miaka mingapi. Wakili wake atayashika hayo kwanza, na uzito wa mkono wako utapotea humo.

Machozi ya mama mahakamani hayampotoshi hakimu?

Yanaweza. Mwaka 1987, katika kesi ya Booth, Mahakama ya Juu ya Marekani ilizipiga marufuku taarifa hizi pale adhabu inapoweza kuwa kifo, ikihofia kuwa zingewachochea wazee wa baraza, yaani raia wanaoamua adhabu hiyo huko. Mwaka 1991, katika kesi ya Payne, ikageuza msimamo: familia iruhusiwe kueleza ilichopoteza. Kuwaambia wazee hao ni adhabu gani itolewe bado hakuruhusiwi.

Kwetu anayepanga adhabu ni hakimu au jaji, naye lazima aandike sababu. Hapo ndipo pa kutazama. Ukisoma uamuzi uliojaa kilio cha mama, lakini hausemi kifungo kilianzia miaka mingapi, nini kilikiongeza na nini kilikipunguza, huzuni imechukua nafasi ya sababu, na mfungwa ana hoja ya kukata rufaa.

Nikishindwa kuandika, itachukuliwa sikuumia?

Hapana. Kuandika si lazima, na sheria hairuhusu ukimya wako uhesabiwe kuwa madhara yalikuwa madogo. Hakimu bado ana P3 na ushahidi uliotolewa kesi ikisikilizwa.