Kugeuza Jumbe za Hasira Kuwa Barua ya Madai

Ankara ikishakaa miezi bila kulipwa, mazungumzo ya simu kati ya fundi na mteja huwa yamekwisha kuchafuka, na wengi huandika barua ya madai wakitegemea kumbukumbu na uchungu walio nao, bila hata kuyafungua tena mazungumzo hayo. Mimi nashauri kinyume chake. Barua yenye nguvu hutoka ndani ya jumbe zile zile, kwa kuwa katikati ya lawama na maneno makali ndimo mara nyingi mdaiwa anapokuwa amelikiri deni kwa maandishi yake mwenyewe.

Niliwahi kumsaidia rafiki yangu, msanifu wa machapisho, kuandika barua ya namna hiyo. Alikuwa amepanga kurasa za ripoti ya mwaka ya kampuni moja, akalipwa asilimia 40 ya gharama kama malipo ya awali, na asilimia 60 iliyobaki ilipaswa kulipwa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya ankara. Ankara ilitumwa tarehe 3 Machi, kwa hiyo mwisho wa kulipa ulikuwa tarehe 2 Aprili. Mwezi wa Agosti ulifika bila malipo yoyote. Kabla ya kuandika lolote nilimwomba ahamishe mazungumzo yote kuwa faili moja, tangu siku waliyokubaliana kazi, na asifute hata ujumbe mmoja, ukiwamo ule aliouonea aibu. Upande wa pili una nakala ile ile, na ujumbe ukionekana umeondolewa, hata jumbe za kweli zitaanza kutiliwa shaka.

Tuliyasoma mazungumzo hayo tukitafuta mambo matatu tu: pale mteja alipoipokea kazi, pale alipokiri kwamba anadaiwa, na pale alipotoa pingamizi. Yaliyobaki tuliyaacha, hata yale yaliyomuumiza zaidi rafiki yangu. Sehemu iliyotufaa kuliko zote ilikuwa ya tarehe 19 Juni. Rafiki yangu aliandika hivi: "Miezi yote hii unanizungusha kama mtoto! Kila siku kesho, kesho. Nitakuanika mitandaoni watu wajue wewe ni tapeli." Mkurugenzi wa kampuni akamjibu: "Punguza hasira ndugu yangu. Hatujakataa kukulipa. Tunasubiri fedha ziingie, mwisho wa mwezi unapata chako chote."

Rafiki yangu aliliona jibu hilo kuwa dharau nyingine, lakini mimi niliona kwamba hapo ndipo pa kuanzia. Maneno "hatujakataa kukulipa" na "chako chote" yanakiri salio zima, na "tunasubiri fedha ziingie" yanaonyesha kwamba malipo yalicheleweshwa na ukosefu wa fedha, wala si kasoro ya kazi. Katika sheria za nchi nyingi, kukiri deni kwa maandishi kunaweza hata kuanzisha upya muda wa ukomo wa kufungua shauri, ingawa masharti ya jambo hilo hutofautiana na yafaa kumwuliza wakili wa mahali ulipo. Kwenye barua aya hiyo ilisomeka hivi:

"Tarehe 19 Juni, kwa ujumbe wa WhatsApp, mkurugenzi wenu aliandika: 'Hatujakataa kukulipa. Tunasubiri fedha ziingie, mwisho wa mwezi unapata chako chote.' Mwezi huo uliisha na salio halikulipwa. Nakala ya mazungumzo ya siku hiyo imeambatishwa."

Neno "tapeli" halikuingia kwenye aya hiyo, wala tishio la kumwanika mtu. Kumwita mdaiwa mhalifu kunaweza kukuletea shauri la kashfa, na katika nchi kadhaa kumtishia mtu kwamba utamwaibisha au utampeleka polisi iwapo hatakulipa kunaweza kuhesabiwa kuwa kosa la jinai. Tishio pekee linalofaa kwenye barua ya madai ni lile ambalo una haki na nia ya kulitekeleza, yaani kupeleka madai mahakamani bila taarifa nyingine.

Pingamizi ndilo watu hulikwepa, na kwa maoni yangu ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Tarehe 2 Julai, baada ya kubanwa tena, mkurugenzi aliandika kwamba "hata hivyo jedwali la ukurasa wa 12 lilikuwa na makosa." Rafiki yangu alitaka tulipuuze kwa sababu ni kisingizio. Ni kweli kilikuwa kisingizio, lakini kisingizio kisichojibiwa huonekana baadaye kama hoja iliyokubaliwa. Tulirudi nyuma kwenye faili tukakuta kwamba kosa hilo lilitajwa tarehe 28 Februari, likarekebishwa siku hiyo hiyo, na mkurugenzi akaandika jioni: "Sasa iko safi, tunapeleka kiwandani." Sentensi mbili zilitosha: moja ikaeleza marekebisho, nyingine ikanukuu maneno hayo pamoja na tarehe yake, ambayo ilitangulia ankara.

Kulikuwa na ujumbe mmoja zaidi uliohitaji kushughulikiwa. Tarehe 20 Julai, akiwa amechoka kabisa, rafiki yangu aliandika: "Nipe hata nusu tuachane." Hakujibiwa. Pendekezo la namna hiyo likiachwa linaelea, mdaiwa anaweza kulipa nusu baada ya kupokea barua na kudai kwamba mmeshamalizana. Kwa hiyo tuliandika wazi kwamba pendekezo la tarehe 20 Julai halikukubaliwa, kwamba sasa limeondolewa, na kwamba kinachodaiwa ni salio lote. Mteja angekuwa ameshajibu "sawa", hali ingekuwa tofauti kabisa na ingebidi tupate ushauri wa wakili kwanza.

Yaliyosalia yalikuwa mepesi. Barua ilielekezwa kwa kampuni kwa jina lake la usajili, lile lililo kwenye mkataba, kwa kuwa mdaiwa ni kampuni na si mtu anayejibu simu. Ilitaja namba ya ankara, kiasi chote, kilicholipwa na salio. Hatukuongeza riba, kwa sababu mkataba haukuitaja na hatukuwa na kifungu cha sheria cha kuitegemea. Kiasi kisicho na msingi humpa mdaiwa jambo la kubishia. Badala ya kuandika "haraka iwezekanavyo" tuliweka tarehe kamili ya mwisho, siku 14 tangu barua kupokelewa, pamoja na akaunti ya kulipia. Iliwasilishwa kwa mkono, nakala ikasainiwa na kugongwa mhuri wa mapokezi, na nyingine ikatumwa kwa barua pepe ile ile iliyopokea ankara. Kwenye simu rafiki yangu aliandika ujumbe mmoja tu: "Barua rasmi imewasilishwa ofisini kwenu leo. Naomba majibu kwa maandishi." Baada ya hapo hakujibizana tena.

Kabla ya siku 14 kwisha, kampuni ililipa nusu ya salio, na mkurugenzi akaandika: "Tumeshakulipa, sasa tumemalizana." Jibu lilitumwa siku hiyo hiyo, kwa barua pepe na kwa simu: "Nakiri kupokea malipo ya sehemu ya Ankara ya tarehe 3 Machi. Malipo haya si malipo kamili. Pendekezo la tarehe 20 Julai lilikwisha kuondolewa kwa barua yangu. Salio lililobaki linatakiwa kufikia tarehe iliyotajwa kwenye barua hiyo." Sehemu iliyobaki iliingia siku moja kabla ya tarehe hiyo, na rafiki yangu akatoa stakabadhi ya malipo kamili.