Homa inayorudi kwa mwenye vali mbovu ya moyo

"Mdogo wangu ana vali iliyoharibika tangu utotoni. Homa ina wiki tatu, malaria hakuna, na akimaliza antibayotiki inarudi. Tuanzie wapi?"

Salaam, ndugu. Anzeni kwa kushuku maambukizi ya vali yenyewe. Damu inayovuja kwa kasi kwenye vali isiyofunga vizuri huchubua utando wa ndani ya moyo. Chembe sahani na nyuzi za damu iliyoganda hujibandika hapo, kisha bakteria, mara nyingi kutoka kwenye fizi zilizooza, hunasa humo na kuzaliana mahali ambapo chembe nyeupe hazifiki kwa urahisi. Ndiyo maana dozi fupi hutuliza homa bila kuimaliza.

Msimpe antibayotiki nyingine ya dukani (dawa zake za moyo aendelee nazo). Mpelekeni leo kwenye hospitali inayoweza kuotesha damu ili kutafuta bakteria, achukuliwe sampuli tatu kutoka mishipa tofauti, nanyi mtaje kila dawa aliyokunywa, kwa kuwa dawa hizo huweza kuwaficha bakteria. Bebeni kadi ya kliniki ya moyo: daktari akisikia mvumo wa moyo ambao haukuandikwa humo, shaka huwa kubwa zaidi. Ataagiza eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, lakini eko safi ya kifuani haiondoi shaka. Huenda ikarudiwa baada ya siku kadhaa.

Akilegea upande mmoja, akishindwa kuongea au akipumua kwa shida, msisubiri kuche, kwani kipande cha uchafu wa vali huweza kumeguka na kuziba mshipa wa ubongo.