Begi la shule: muombe picha ya ndani

"Wadau, muuzaji wa Kariakoo kanitumia picha za begi la mwanangu wa darasa la sita. Vitabu ni vingi, kila siku. Litadumu hadi Desemba?"

Mkuu, kwa picha hizi kitambaa sina shida nacho: kimefumwa kwa nyuzi nene, na lebo inasema 600D, kipimo cha unene wa uzi. Wasiwasi wangu ni zipu. Kuza picha ya pili, utaona kwenye kona ya juu zipu imepinda ghafla na utepe wake umejikunja mawimbi. Hapo kichwa cha zipu kitakuwa kinakwama, mtoto anavuta kwa nguvu, taya zake zinapanuka, na meno hayashikani tena. Ukipata picha ya mgongo wa kichwa hicho, tafuta namba: 5 ni nyembamba kwa mfuko mkuu wa begi zito, 8 au 10 ndiyo ya kazi.

Kisha mwambie alipindue begi, apige picha ndani, pale mikanda ya mabegani inapoingia. Ukingo wa mshono uwe umefunikwa kwa utepe. Ukiona nyuzi zinachomoza, kitambaa kitachomoka hata kama chenyewe ni kigumu. Bitana nayo iwe imeshonewa mbali kidogo na meno, la sivyo zipu itaila.

Akikataa kupiga picha ya ndani, mimi nisingetuma hela. Akikubali na mshono uko sawa, chukua. Kichwa cha zipu fundi anabadilisha kwa bei ndogo.