Buluu juu ya namba chanya: kipimo cha rangi katika matriki ya uhusiano

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nimechora matriki ya uhusiano ya data ya dodoso iitwayo `attitude` kwa seaborn, nikatumia rangi za `coolwarm`. Msimamizi wangu ameona visanduku vingi vya maswali ya critical na advance ni vya buluu, akasema maswali hayo yanakwenda kinyume na mengine. Mbona namba zote ni chanya? Na chini ya mchoro niandike nini kuhusu uhusiano ulio mkubwa?

Jibu: Marahaba. Namba zako ni sahihi. Kilichompotosha msimamizi wako ni kipimo cha rangi. Usipoiwekea mipaka, amri ya `heatmap` huichukua namba ndogo kuliko zote iliyomo katika jedwali na kuifanya mwisho wa buluu, kisha huichukua kubwa kuliko zote na kuifanya mwisho wa nyekundu. Katika data hii namba ndogo kabisa ni 0.12, kati ya learning na critical, na kubwa kabisa ni zile 1.00 za mshazari, ambapo kila swali limelinganishwa na lenyewe. Kwa hiyo katikati ya kipimo, mahali ambapo macho ya msomaji hutarajia sifuri, pameangukia 0.56, na kila uhusiano ulio chini ya hapo umepakwa buluu hata kama ni chanya.

Tazama kisanduku kimoja tu, kile cha complaints na privileges. Uhusiano wake ni 0.56, ambao kwa maswali ya dodoso si mdogo hata kidogo, lakini kwa kuwa namba hiyo imeangukia katikati kabisa ya kipimo, kimepakwa kijivu kilichofifia, kana kwamba maswali hayo mawili hayahusiani kabisa. Hilo ndilo kosa ninaloliona kubwa zaidi katika mchoro wako, kubwa kuliko buluu iliyomshtua msimamizi, kwa sababu buluu angalau ilimfanya aulize.

Dawa yake ni kuifunga rangi kwenye mipaka ya kipimo chenyewe cha uhusiano, yaani -1 hadi 1, ili sifuri ikae kwenye weupe:

```python
r = df.corr()
sns.heatmap(r, vmin=-1, vmax=1, cmap="RdBu_r",
            annot=True, fmt=".2f", square=True)
```

Ukichora upya utaona jedwali zima limekuwa la wekundu, mzito mahali pengine na mwepesi mahali pengine, wala hakuna buluu popote. Usijaribu kuurudisha ule mchanganyiko wa rangi ili mchoro upendeze. Data hii haina uhusiano hasi hata mmoja, na mchoro unapaswa kusema hivyo. Wanaotumia Excel wakumbuke kwamba kipimo chake cha rangi tatu nacho huanzia kwenye namba ndogo na kuishia kwenye kubwa ya eneo ulilochagua, hivyo wabadilishe mipaka iwe namba, waandike -1, 0 na 1. Namba ndani ya visanduku ziache zionekane, kwa maana ukurasa ukichapwa kwa wino mweusi tu, 0.80 na -0.80 hutoka na weusi unaokaribiana.

Sasa tuje kwenye maelezo ya chini ya mchoro. Kabla ya kuandika neno lolote, jiulize kila mstari wa data unawakilisha nani. Hapa ndipo watafiti wengi huteleza. Data hii ilitokana na dodoso walilojaza makarani wa taasisi kubwa ya fedha, takriban 35 katika kila idara, katika idara 30 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na namba iliyoandikwa ni asilimia ya majibu mazuri katika idara kwa kila swali. Mstari mmoja basi ni idara, si mtu. Uhusiano wa 0.83 kati ya rating, ambayo ni tathmini ya jumla, na complaints, ambayo ni namna malalamiko ya wafanyakazi yanavyoshughulikiwa, unasema kwamba idara zinazosifiwa kwa kushughulikia malalamiko ndizo pia zinazopewa tathmini nzuri. Hausemi kwamba karani aliyesikilizwa malalamiko yake ndiye aliyetoa tathmini nzuri. Hilo haliwezi kujulikana kwa data iliyokwisha kujumlishwa kwa idara.

Jambo la pili ni uhusiano unaopitia kwa mwingine. Rating na raises, yaani nyongeza ya mshahara inayotokana na ufanisi, zina 0.59, na ni rahisi kuandika kwamba nyongeza huinua tathmini. Lakini raises na complaints nazo zina 0.67, basi lazima tuulize kinachobaki tukiuondoa mchango wa complaints:

```
(0.590 - 0.825*0.669) / sqrt((1 - 0.825^2)*(1 - 0.669^2)) = 0.09
```

Kutoka 0.59 tumeshuka hadi 0.09. Kwa maneno mengine, ukilinganisha idara zinazofanana katika kushughulikia malalamiko, raises haina jipya kubwa la kukuambia kuhusu tathmini. Rangi haiwezi kukuonyesha hilo, maana kila kisanduku huangalia maswali mawili peke yake.

Kumbuka pia kwamba idara ni 30 tu. Kwa idadi hiyo, uhusiano ulio chini ya takriban 0.36 hauwezi kutofautishwa na sifuri kwa kigezo cha kawaida cha asilimia 5, na hata ile 0.83 ina kiwango cha uhakika cha asilimia 95 kinachoanzia takriban 0.66 hadi 0.91. Mimi ningeandika hivi:

> Uhusiano mkubwa zaidi ni kati ya tathmini ya jumla ya idara na namna malalamiko yanavyoshughulikiwa (r = 0.83, idara 30). Uhusiano wa tathmini na nyongeza ya mshahara (0.59) hupungua hadi 0.09 mchango wa malalamiko unapoondolewa. Namba hizi zinahusu idara, si mfanyakazi mmoja mmoja, na hazithibitishi chanzo.

Ukija kutumia njia hii kwenye dodoso lako mwenyewe, lenye mhojiwa mmoja katika kila mstari na majibu ya 1 hadi 5, tumia `df.corr(method="spearman")`, kwa sababu majibu hayo yana mpangilio tu, na umbali kati ya 1 na 2 si lazima ulingane na ule wa kati ya 4 na 5. Kisha kagua misimbo ya majibu yaliyokosekana. Niliwahi kuletewa mchoro wenye kundi la visanduku vyekundu sana katika sehemu moja ya dodoso, na mwenye kazi alikuwa ameshaandika aya mbili za kuueleza. Kumbe wahojiwa walioiruka sehemu ile walikuwa wameandikiwa 99 katika maswali yote ya sehemu hiyo, na zile 99 zilizopanda pamoja ndizo zilizotengeneza uhusiano. Amri ya `df.describe()` ingemwonyesha mara moja, kwa sababu mstari wa `max` ungesoma 99 mahali ambapo jibu kubwa kabisa linaloruhusiwa ni 5. Zigeuze kuwa tupu kwa `df = df.replace(99, float("nan"))` kwanza, ndipo uchore.