Ile "h" ya "hatutakuwa": majibu kwa wanaoweka maandishi ya papo kwa papo

Naomba jina la programu moja tu inayosikiliza ibada na kuandika Kiswahili kwenye skrini bila kukosea. (Nzuguni)

Haipo. Swali hili limeulizwa hapa hadi limechakaa, na nitalijibu tena kwa sharti kwamba usome na majibu yanayofuata. Whisper, iliyotolewa na OpenAI Septemba 2022, inapokea Kiswahili kwa alama `sw`. Huduma ya Google ina `sw-TZ`. Yoyote kati ya hizo itakuandikia mahubiri yanayosomeka, kisha itageuza Chemba kuwa "chumba" na Kongwa kuwa "kongwe", kwa kuwa mashine ikisita kati ya neno adimu na neno la kila siku, huangukia la kila siku. Dawa yake ni kuipa majina mapema. Anayetumia faster-whisper huyaweka hivi:

```
model.transcribe(sauti, language="sw", vad_filter=True,
    initial_prompt="Chemba, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Mbukwenyi")
```

Orodha iwe fupi na ya wiki hiyo. Ikiwa ndefu mno, sehemu ya mwanzo hukatwa bila kukuambia, na utashangaa kwa nini jina la mgeni rasmi uliloliweka juu kabisa halitambuliki.

Tumeweka kompyuta mbele ya spika kubwa lakini maandishi yanakuja ovyo. Tubadilishe mashine? (Mpwapwa)

Badilisheni mahali pa kuchotea sauti. Maiki iliyo mbele ya spika inasikia neno mara tatu: kwenye spika, likigonga bati, na likirudi kutoka ukuta wa nyuma. Sisi tulio ukumbini tumezoea kuuchuja mwangwi huo, ila mashine inauandika. Kinachozikwa kwanza ni sauti dhaifu kama "h", na hasara ya hilo utaiona kwenye jibu linalofuata.

Chota kwa waya kutoka kwenye mixa. Tumia tundu la AUX, na kitufe chake kiwe PRE, ili fundi mitambo akishusha au kupandisha feda kwa ajili ya ukumbi, sauti inayokwenda kwenye kompyuta isiyumbe. Kwenye njia hiyo pitisha maiki ya mimbari na ya mtangazaji tu. Kinanda, ngoma na maiki za kwaya zisipite, na vionjo vya mwangwi alivyowekewa mwimbaji visipite pia. Waya huo usichomekwe kwenye tundu la maiki la kompyuta mpakato, kwa sababu tundu lile linategemea sauti ndogo sana, nawe unalimwagia kubwa. Nunua kadi ya sauti ya USB yenye tundu la `LINE`.

Kisha pima. Mnenaji akipaza sauti kuliko kawaida yake, mshale wa sauti kwenye kompyuta ufike kati ya -12 na -6, usiguse 0. Ikigusa 0 sauti imekatwa kichwa, na kuishusha huko mbele hakuirudishi. Ukisikia muungurumo wa chini usioisha, chomoa chaja ya kompyuta. Ukitoweka, tatizo ni umeme unaozunguka kati ya vifaa viwili, na kinachotakiwa ni transfoma ndogo ya kutenganisha sauti, wala si mashine mpya.

Mwisho vaa spika za masikioni upande wa kompyuta. Mwambie mtu aseme mimbarini "hatuna" na "tunaona". Kama wewe mwenyewe huisikii ile "h" ya kwanza, usiilaumu programu.

Msahihishaji wetu ni mwalimu wa Kiswahili, anajua sana. Mbona anabaki nyuma mpaka mchungaji anasema amina? (Kikuyu)

Kwa sababu anasahihisha kama anayesahihisha insha. Herufi kubwa, mkato, "hivyo" badala ya "ivyo". Yote hayo aachane nayo. Ana kazi tatu tu, kwa mpangilio huu: kanusho, namba, majina.

Hesabu muda alionao. Mtu anayehubiri kwa mwendo wa maneno 110 kwa dakika hutoa kama maneno 9 kila sekunde 5. Mkiweka kizuizi cha sekunde 5, yaani mstari ukae kwa msahihishaji kwa muda huo kabla ya kwenda kwenye skrini, anapata nafasi ya kugusa neno moja, labda mawili. Akitaka kugusa la tatu, mstari unaofuata umeshamfikia. Ukirefusha kizuizi hadi sekunde 15 watu watacheka na yule asiyesikia atabaki akitazama huku na huku, maana kwake kichekesho hakijafika.

Chukua tangazo kama hili: "Jumapili ijayo hatutakuwa na ibada ya Kigogo saa moja. Ndugu wa Chemba sitawasahau. Mchango uliopatikana ni elfu ishirini na tano." Kwenye skrini ya msahihishaji linaweza kutokea hivi:

> Jumapili ijayo tutakuwa na ibada ya kigogo saa moja ndugu wa chumba 6 wasahau mchango uliopatikana ni 20,005

Mwalimu wetu ataanza na "chumba 6 wasahau", kwa sababu inachekesha na inaonekana. Hilo ndilo kosa linaloweza kusubiri: kila anayesoma atajua kwamba mashine imepotea. Kosa baya ni "tutakuwa". Neno limeandikwa sawasawa, sarufi haina dosari, hakuna mstari mwekundu chini yake, na maana imepinduka. Asiyesikia ataamka alfajiri ya Jumapili, atafika saa moja na kukuta mlango umefungwa. Wanenaji wengi huimeza ile "h", mashine inasikia "atutakuwa", haina neno hilo, inachagua lililo karibu. Ndiyo maana sikio la msahihishaji likae kwenye mwanzo wa kitenzi kila wakati: ha-, hatu-, si-, na "-si-" ya katikati.

La pili ni 20,005. Hapa mashine haina kosa kubwa, kosa ni letu. "Elfu ishirini na tano" inaweza kuwa 25,000 na inaweza kuwa 20,005. Mwombeni mhasibu aseme "ishirini na tano elfu". Ni ombi la nusu dakika kabla ya ibada, na linaokoa kuliko programu yoyote ya kulipia. Chemba itafuata kama nafasi ipo. "6 wasahau" ikipita, ipite.

Mstari ukishatoka na kosa likaonekana baadaye, msirudi kufuta. Macho ya msomaji yameshapita pale. Andikeni mstari mpya: "SAHIHISHO: Jumapili hakuna ibada ya Kigogo." Kwa sababu hiyohiyo, hakikisheni skrini ya ukumbi inapokea maneno ya mwisho tu, yale ambayo Google huyawekea alama ya `is_final`. Mkionyesha yale ya muda, neno litabadilika mara tatu mbele ya macho ya watu, na anayesoma ataumwa kichwa kabla ya somo la kwanza kuisha.

Msahihishaji mmoja anatosha kwa kongamano la saa tatu? (Ihumwa)

Hapana. Wawili, wapokezane kila dakika 20, na anayepumzika aandae majina ya mzungumzaji anayefuata.

Kwaya ikiimba, skrini inaandika maneno ambayo hakuna aliyeyaimba. Kuna mzee anasema ni pepo. (Chamwino)

Mwambieni mzee ni mashine iliyolazimishwa kusema. Whisper hula sauti kwa vipande vya sekunde 30 na imefundishwa kutoa maneno. Ikipewa ngoma au ukimya inaweza kutunga sentensi nzima, au kurudiarudia moja kama kanda iliyokwama. Kwaya ikiimba Kigogo huku mashine imewekwa `sw` inazidi, maana inalazimika kuyageuza maneno ya Kigogo yafanane na Kiswahili. Ile `vad_filter` hapo juu husaidia kwenye ukimya, ila uimbaji ni sauti ya binadamu, kwa hiyo mara nyingi unapita.

Anayesahihisha awe na kitufe cha kuzima njia ya sauti. Kwaya ikisimama anazima na kuweka mashairi yaliyochapwa tangu Ijumaa, kwa lugha yaliyoimbwa. Kiongozi wa kwaya anayo kwenye daftari. Asipoyatoa, skrini iandike "[Kwaya inaimba]" basi. Salamu ya "Mbukwenyi" katikati ya mahubiri haihitaji kuzima chochote, ndiyo sababu ipo kwenye orodha yangu ya mwanzo.

Muuzaji anatuhakikishia usahihi wa asilimia 95. Tununue? (Kisasa)

Mahubiri ya dakika 40 kwa mwendo ule wa maneno 110 ni maneno 4,400. Asilimia 5 yake ni makosa 220. Mwulize muuzaji ni yapi. Kama 200 ni "ivyo" na "na na", hamtaumia. Kama 12 ni "tutakuwa" badala ya "hatutakuwa", mtaumia. Wanaopima manukuu ya moja kwa moja kwa njia inayoitwa NER hukata pointi 0.25, 0.5 au 1 kulingana na uzito wa kosa, na manukuu yasiyofika asilimia 98 huhesabika hayajafaulu. Mpeni rekodi ya ibada yenu yenye watoto na feni, si ile klipu yake ya mtangazaji wa redio.

Herufi ziwe na ukubwa gani? (Bahi)

Gawanya umbali wa kiti cha mwisho kwa 200: mita 20, herufi ya sentimita 10. Nyeupe juu ya nyeusi, mistari miwili au mitatu, na isiwe chini ya skrini ambako vichwa vya waliosimama vinaziba.

Tukiweka maandishi, yule mkalimani wa lugha ya alama tumwachishe? (Makole)

Msimwachishe. Kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania, na Kiswahili cha kuandika ni cha pili. Maandishi yanamfaa zaidi mzee aliyepoteza usikivu ukubwani. Anayeleta wazo la kubana posho ya mkalimani kwa kununua projekta hajawauliza wanaotumia.

Yale maandishi yanabaki kwenye kompyuta. Tuyatume kwenye kundi la waumini kama kumbukumbu? (Kondoa)

Kwanza si kumbukumbu. Hansard ya Bunge husahihishwa na watu wenye muda na sauti iliyorekodiwa. Yenu imepita kwa sekunde 5. Pili, ndani yake kuna sala za wagonjwa, kwa majina na magonjwa yao. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na tangazo la mimbarini halimpi mtu ruhusa ya kusambaza faili. Mnaotumia huduma ya mtandaoni kumbukeni kwamba sauti hiyo inaondoka ukumbini na huenda ikavuka mpaka. Wakati wa maombi ya wagonjwa zimeni njia ya sauti kwa kitufe kilekile cha kwaya, msahihishaji aandike kwa mkono kinachohitajika kusomwa, na faili lifutwe kabla kompyuta haijarudi ofisini.