Waraka wa Wazazi Hauharibiwi na Tahajia

*Swali: Ndugu mhariri, mimi ni mwalimu wa taaluma na ndiye ninayeandaa waraka wa kufungua shule: ada, tarehe za muhula na vifaa vya wanafunzi. Nimeusoma mara tatu, mwalimu mwenzangu wa Kiswahili ameupitia, na kwenye kompyuta hakuna mstari mwekundu hata mmoja. Hata hivyo kila muhula, waraka ukishatoka, simu za wazazi haziishi. Je, kuna programu bora zaidi ya kukagua tahajia, au niwe naupeleka kwa watu wa kuchapa waukague?*

Mwalimu, hakuna mzazi anayepiga simu kwa sababu umeandika "mwanafuzi". Anapiga kwa sababu amejumlisha mafungu ya ada yakakataa kufika kwenye jumla uliyomwandikia, au kwa sababu Jumatatu yako ni Jumanne kwenye kalenda yake. Makosa ya namna hiyo yana tahajia safi kabisa. Programu haiwezi kujua kwamba 158,000 ilipaswa kuwa 185,000, kwa kuwa tarakimu zote mbili ni halali. Kuhusu huo mstari mwekundu, angalia kwanza kama umewashwa. Kompyuta nyingi zimewekewa lugha nyingine, kwa hiyo hupaka wekundu karibu kila neno la Kiswahili mpaka mtu anachoka na kuuzima, kisha anasahau kuwa aliuzima.

Hata ukiwashwa na lugha ikiwa sahihi, Kiswahili kina mtego wake. Ukanusho wetu umejificha ndani ya kitenzi, silabi moja au hata herufi moja. "Mwanafunzi asije na simu" ikipoteza silabi moja inakuwa "mwanafunzi aje na simu". "Hatapokelewa" ikipoteza herufi moja ya mwanzo inakuwa "atapokelewa", na hapo umeshamwahidi mzazi ambaye hajalipa kwamba mtoto wake ataingia darasani. Hakuna programu itakayopiga kelele. Dawa ni kupigia mstari kila sentensi ya katazo au sharti, kusoma kitenzi chake peke yake, na kujiuliza: hapa nakataza au naruhusu?

Sasa hilo la kusoma mara tatu. Aliyeandika akirudia kusoma anaona alichokusudia, na mara ya tatu ni mbaya kuliko ya kwanza kwa sababu sasa anakijua kwa moyo. Waraka wa ada na tarehe haukaguliwi kwa kusoma bali kwa kulinganisha. Weka mezani karatasi nne: orodha ya ada iliyoidhinishwa, kalenda ya muhula iliyopitishwa, hati ya benki yenye namba ya akaunti, na orodha ya vifaa kutoka kwa walimu na walezi wa bweni. Kila tarakimu kwenye waraka ipate alama ya penseli pale tu unapoiona kwenye mojawapo ya karatasi hizo. Isiyopata alama haijakaguliwa, hata ungekuwa umeisoma mara kumi. Waraka wa mwaka jana haumo kwenye karatasi hizo nne, na usiwemo. Huko ndiko makosa mengi yanakotokea, kwa sababu watu huufungua, hubadilisha mwaka pale juu, na kusahau sehemu nyingine sita.

Tuchukue jedwali la ada la mfano. Masomo 420,000, chakula 158,000, mitihani 30,000, rimu na machapisho 15,000. Jumla imeandikwa 650,000. Chini yake pameandikwa kwamba awamu ya kwanza ni 390,000 na ya pili 260,000. Mtu anayesoma tu ataona jedwali zuri lililonyooka. Anayejumlisha atapata 623,000, yaani pungufu ya 27,000.

Usikimbilie kurekebisha jumla. Gawanya kwanza hiyo tofauti kwa 9. Hapa inagawanyika bila baki, na hiyo ni dalili ya zamani inayojulikana sana na wahasibu kwamba huenda tarakimu mbili zinazofuatana zimepishana nafasi. Dalili tu, si ushahidi, kwa maana kosa la aina nyingine pia linaweza kuangukia hapo. Jumlisha awamu: 390,000 na 260,000 ni 650,000 kamili, kwa hiyo jumla na awamu zinakubaliana na shaka inabaki kwenye mafungu. Tafuta fungu ambalo ukilibadilishia tarakimu mbili linaongeza 27,000. Ni chakula: 158,000 ikiwa 185,000, hesabu inafunga.

Hata hapo kalamu ikae chini. Msomaprufu habadilishi kiasi cha fedha, anauliza. Andika pembeni "chakula 158,000 au 185,000? jumla inadai 185,000" umpelekee mhasibu, naye ajibu kwa kutazama orodha iliyoidhinishwa, si kwa kukumbuka. Ukijirekebishia mwenyewe ukakosea, wazazi watakaolipa pungufu wana waraka wenye muhuri mkononi, nawe huna cha kuwaambia.

Namba ya akaunti ina utaratibu wake, na ni mfupi. Watu wawili, mmoja na hati ya benki, mwingine na waraka uliochapwa kwenye karatasi. Mwenye hati asome tarakimu mojamoja kwa sauti, mwingine afuate kwa ncha ya kalamu. Kisha rudieni kutoka mwisho kwenda mwanzo, maana ukisoma kwa nyuma huna mazoea ya kukudanganya. Jina la akaunti nalo lisomwe, herufi kwa herufi.

Tarehe zinahitaji kalenda halisi ya mwaka husika, si kichwa. Mwaka wa siku 365 ni wiki 52 na siku moja inayobaki, hivyo tarehe ileile husogea siku moja mbele ya wiki kila mwaka, na husogea siku mbili ikiwa katikati yake imepita 29 Februari. "Jumatatu, 12 Januari 2026" ni sahihi. Mtu akibadilisha mwaka tu akaandika "Jumatatu, 12 Januari 2027", amekosea, kwa sababu siku hiyo ni Jumanne. Nusu ya wazazi watafuata jina la siku waje tarehe 11, nusu watafuata tarakimu, na kila upande una haki. Ndiyo maana jina la siku liandikwe daima pamoja na tarehe: likipingana na tarehe, kosa linajitokeza lenyewe kabla waraka haujatoka.

Kisha hesabu wiki. Muhula ukifunguliwa Jumatatu, 11 Januari 2027 na kufungwa Ijumaa, 9 Aprili 2027, hizo ni wiki 13 ukihesabu ya kwanza na ya mwisho. Waraka ukitaja wiki 12, ama tarehe moja imekosewa ama kuna wiki ya mapumziko ambayo mzazi hajaambiwa. Na tafadhali achana na "ada ilipwe kabla ya tarehe 8". Je, anayelipa tarehe 8 yenyewe amechelewa? Andika: "Mwisho wa kulipa ni Ijumaa, 8 Januari 2027, siku hiyo ikihesabiwa."

Saa nazo, hasa waraka ukitokana na ratiba ya Kiingereza. Nyaraka zenye "wazazi wafike saa 8:00 asubuhi" ni nyingi mno, wakati kinachokusudiwa ni saa 2:00 asubuhi. Ukiona saa 8 karibu na neno asubuhi, au saa 2 karibu na neno mchana, simama. Aliyeandika amehamisha tarakimu bila kuhesabu ile tofauti ya saa sita.

Kwenye vifaa, kila mstari ujibu mambo matatu: ngapi, za namna gani, na za nani. "Soksi 2" haijibu kitu, kwani mzazi mmoja ataleta soksi mbili za mguu wa kulia na kushoto, mwingine jozi mbili. Andika "soksi nyeupe, jozi 2". "Madaftari 8" bila idadi ya kurasa yatakuja ya kila unene. Kama shuka ni za wanafunzi wa bweni pekee, neno hilo liwe kwenye mstari wa shuka, si kwenye aya iliyo ukurasa wa pili. Halafu linganisha orodha hii na jedwali la ada. Katika mfano wetu mzazi ameshalipia rimu na machapisho; orodha ikidai tena "rimu 1 ya karatasi A4", ataona ametozwa mara mbili, na huenda ni kweli. Aliyeandika ada na aliyeandika vifaa ni watu wawili ambao hawakukaa meza moja, na msomaprufu ndiye wa kwanza kuziona karatasi zao pamoja.

Masahihisho yakishaingizwa, usisome yale yaliyosahihishwa tu. Tarehe ya kufungua ikihama kutoka 12 kwenda 11, bonyeza Ctrl+F utafute "12", kisha "Januari", kisha "Jumanne", maana tarehe hiyo inaweza kuwa kwenye kichwa cha habari, kwenye mwisho wa kulipa ada, kwenye kikao cha wazazi na kwenye kijikaratasi cha kukata na kurudisha. Baada ya hapo chapa nakala moja, ufungue nyingine kwenye simu. Jedwali lililonyooka kwenye kompyuta huvunjika kwenye kioo kidogo, na fungu la chakula linaweza kujikuta limekaa mbele ya mitihani. Tuma PDF, si maandishi yaliyonakiliwa na kubandikwa.

Nimebakiza hao watu wa kuchapa. Kuchapa ni kazi yao na wengi wanaifanya vizuri. Lakini anayekuambia atakukagulia waraka "dakika tano tu" bila kukuomba orodha ya ada, kalenda wala hati ya benki, anakukagulia nini? Atakurudishia herufi kubwa mahali pake, koma zikiwa zimepangwa, na 158,000 ikiwa imelala palepale kwa amani. Vivyo hivyo kwa yule mtaalamu wa lugha atakayetumia nusu saa kubishana nawe kama ni "karo" au "ada" asihesabu jedwali hata mara moja. Mwulize kila anayejitolea kukagua: utalinganisha na nini? Akikosa jibu, mshukuru na uchukue karatasi zako.

Kuna na ile sentensi inayobandikwa chini siku hizi, "Tunaomba radhi kwa makosa yoyote yatakayojitokeza." Ifute. Haimwambii mzazi alipe kiasi gani wala aje siku gani. Kosa likigundulika baada ya waraka kutoka, toa waraka mpya mzima wenye tarehe yake ya kutolewa na mstari wa juu unaosema "Waraka huu unafuta wa tarehe fulani", kisha utaje kilichobadilika: "Chakula: 185,000, si 158,000." Ujumbe mfupi wa kusema "puuzeni ule wa kwanza" utawafikia wengine bila waraka wa pili, na waraka wa kwanza utaendelea kuzunguka kwenye simu hadi mwisho wa muhula.