Falanga ya mutoto: maswali yenu na majibu

Yaya, ninafanya kazi ku kesi ya duka, mushahara 300 dola. Bwana yangu anaendesha taksi. Mutoto atakuja mwisho wa mwezi wa 10. Materinite inasema kuzaa kawaida 70 dola, sezarieni 350. Tuweke ngapi? (Mama wa Katuba)

Mama, mbele ya kuhesabu, enda kwanza uone mukubwa wa kazi. Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inasema mukubwa njo anapashwa kulipia matibabu ya mufanyakazi na familia yake, na mimba na kuzaa viko ndani, madawa na kulala lupitalo pia. Kampuni kubwa zinakuwa na lupitalo ya mukataba, banakupatia boni unaenda nayo. Duka za mutu moja nyingi zinajifanya hazijue, basi omba kwa barua na ubakie na kopi, juu jibu ya mudomo inapoteaka siku ya kulipa.

Tuseme amekatala. Weka bei ya sezarieni, usiweke ya kuzaa kawaida, juu sezarieni haikuulizake kama uko tayari. Hiyo ni 350. Ongeza 100 ya CPN, ekografi na nguo za mutoto (nguo omba kwa dada zako, mutoto wa mwezi moja hajue fasho). Ongeza tena 100 ya madawa, damu na taksi ya usiku, juu kama santre inakutuma ku lupitalo kubwa saa nane ya usiku hauna nafasi ya kubishana bei. Imefika 550.

Kisha iko shimo yenye batu benyi habaionake. Konje ya kuzaa ni juma 14, mpaka 6 mbele na 8 nyuma, na unalipwa sehemu mbili kwa tatu za mushahara. Kwako ni 200 pahali pa 300. Juma 14 ni kama miezi mitatu na robo, basi unapoteza karibu 325. Transporti sikuihesabu, hautaipata lakini hautaitumia pia. Jumla inakuwa 875, na kama tuko mwezi wa 3 una miezi saba mpaka mwezi wa 9, ni 125 kila mwezi. Kwa nyumba yenye kulipa lwayé na kula, ni nzito sana.

Njo maana ninasema gawanya. Ile 550 inapashwa kuwa kamili mbele mutoto afike. Ile 325 inaweza kuingia pole pole, bwana aanze sasa kutosha kidogo ku vershema ya taksi kila juma.

Uliniandikia pia kama uko mu likelemba ya batu 10, 50 dola kila mwezi, ilianza mwezi wa 1. Omba zamu ya mwezi wa 9. Utakula 500 mbele kidogo ya kuzaa, na kisha itabakia kulipa mwezi moja tu, wa 10. Kama ulikula mwezi wa 2, hauna kitu ku mukono na ungali unalipa 50 kwa mushahara ya 200, pale njo batu banagombanaka na marafiki. Ongea na mama kesié mapema, kubadilisha zamu na mutu ni kitu ya kawaida.

Na kama umezaa bila kupasuliwa, ile 280 yenye ilibakia usiifanyie feti. Utaona hapa chini kazi yake.

Mukubwa wangu anasema juu sina kontra ya maandishi na sijaolewa, konje yangu haina malipo. Ni kweli?

Apana. Sheria inasema mwanamuke wa kazi, ameolewa ao hajaolewa, ana haki ya ile juma 14 na ile sehemu mbili kwa tatu, ata kama kwa bahati mbaya mutoto hakuishi. Na kontra yenye haina maandishi inahesabiwa kama ya muda usio na mwisho, ni weye kuonyesha kama ulifanya kazi pale: mesaje za mukubwa, karatasi ya malipo, mutu mwenye mulifanya naye kazi. Chukua karatasi ya munganga yenye kuandika tarehe ya kuzaa, andika barua, kopi moja asaini. Akikatala, enda ku Enspeksio ya Kazi. Kukufukuza mu ile konje pia hana ruhusa.

Papa benye kusoma, ninyi muko na siku 2 za kazi za kulipwa bibi akizaa. Mutu wa taksi hana ata moja, siku asipotoka hakuna kitu, basi ile siku tatu ao ine ihesabiwe pia.

Tuko tunaweka falanga ya kuzaa mu franka ku nyumba. Iko mubaya? (Papa wa komini ya Kenya, Lubumbashi)

Papa, kama materinite inakuambia bei kwa dola, weka dola, ao kila franka ikishuka utakuwa unakimbilia bei yenye haisimame. Lakini angalia karatasi zenyewe. Ile ya 50 yenye kupasuka kidogo ku pembe ao yenye kuandikwa bic, usiku ku kesi ya lupitalo habataikamata, na kambista wa kukubadilishia amelala. Zibadilishe sasa muchana, utapoteza kidogo. Weka pia franka za taksi na za gan na koto, juu banaweza kukutuma ku farmasi saa yoyote. Na uliza kesi mapema kama kosio ya sezarieni inalipwa yote mbele ao nusu, kila pahali iko na kawaida yake.

Nikirudia kazi, nunu ao mama yangu? Na maziwa je?

Kwa yule mama wa hapa juu, kama konje inaanza tarehe 19 mwezi wa 9, inaisha karibu na 26 mwezi wa 12. Mushahara ya kwanza kamili atauona mwisho wa mwezi wa 1 tu, na nunu anaanza siku ile ile ya kwanza, anakula, analala pale, anaomba avansi ya sikukuu. Ile 280 yenye ilibakia njo inabeba ule mwezi. Nunu muanzishe juma mbili mbele urudie kazi, umuone vile anamubeba mutoto, vile ananawa mikono. Mama yako hataomba mushahara lakini transporti na sabuni si bure, muhesabie bila aibu.

Maziwa ya kopo njo inamalizaka budje, kopo inaisha haraka kupita vile unafikiri. Sheria inakupatia nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha, na inalipwa. Kama nyumba iko mbali, itumie kukamua. Maziwa ya mama inje ya frigo inavumilia masaa 4 kama joto haipite digrii 25, na weye unajua SNEL yetu na joto ya mwezi wa 10, basi kopo ndogo ndogo, na pahali penye kivuli.

Akti de nesanse inaweza kungoja tupate falanga?

Hapana, mungojee kitu ingine. Kuandikisha mutoto ku komini ni mu siku 90 tangu azaliwe. Zikipita, munapita ku tribinali kuomba jijema, na pale gharama inaanza kutoka. Papa aende na karatasi ya materinite ile juma mama angali ku nyumba.